Karatasi ya pili kwa mtoto mmoja: jinsi ya kutunga mtihani unaolingana na ule aliouacha

Mtoto aliyelazwa wiki ya mitihani anarudi shuleni na barua ya mzazi na karatasi ya hospitali. Wenzake wote wameshafanya Hisabati, na wengine wanakumbuka maswali neno kwa neno. Mwalimu wa taaluma anakuambia, "Mtungie wa kwake, tufunge matokeo." Mara nyingi tunachofanya ni kuchukua karatasi ileile, kubadili namba, kubadili majina ya Asha na Juma kuwa Neema na Baraka, kisha kuchapa.

Nilifanya hivyo mwaka mmoja, kwa dakika ishirini kabla ya mstarini. Binti ambaye kwa kawaida alikuwa anapata alama thelathini na nane hadi arobaini kati ya 50 akapata 27. Nilimwandikia kwenye ripoti kwamba ameshuka. Likizo ilipofika nilizilinganisha zile karatasi mbili swali kwa swali, nikakuta namba nilizobadili zilikuwa zimegeuza maswali manne kuwa magumu zaidi. Hakushuka yeye, ni mimi niliyepandisha. Ripoti ilikuwa imeshafika nyumbani na baba yake ameshaisoma.

Hapa ninaeleza ninavyofanya sasa, kwa mfano wa mtihani wa muhula wa Hisabati, Darasa la Sita, wenye alama 50 na muda wa saa moja na nusu. Sehemu A ina maswali 20 ya kuchagua, alama moja kila moja. Sehemu B ina maswali 10 ya kuonesha njia, alama tatu kila moja. Darasa lina wanafunzi 64: 63 walifanya, mmoja hakufanya. Nazungumzia mitihani ya shule tu. Ile ya taifa ina taratibu zake NECTA, na mwalimu hana mamlaka ya kuitungia karatasi ya pili.

Usirudishe karatasi za darasa kwanza

Hatua ya kwanza ni kuzuia karatasi za wale 63 zisirudi mikononi mwao mpaka kazi hii iishe. Kuvuja ni sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ni kwamba karatasi hizo ndizo ushahidi pekee ulio nao wa ugumu wa kila swali. Hisia za mwalimu juu ya ugumu zinadanganya. Swali unaloliona rahisi kwa sababu umelifundisha miaka kumi linaweza kuwa ndilo lililoangusha nusu ya darasa.

Chukua karatasi moja ya maswali isiyojazwa. Unaposahihisha, piga kijistari pembeni ya swali kila mtoto anapolipata. Kwa maswali ya kuchagua, piga pia kijistari kwenye kila jibu lisilo sahihi lililochaguliwa. Kwa Sehemu B, hesabu wangapi wamefika kwenye jibu la mwisho sahihi, na andika kwa maneno mafupi wengi walikwama hatua gani. Kazi hii inakuongezea labda nusu saa juu ya usahihishaji wa kawaida.

Kwenye karatasi yangu, swali la 3, 5002 − 1847, walilipata watoto 41. Swali la 11, 0.3 × 0.2, walilipata 29 tu, na 25 walichagua 0.6. Swali la 24, 2⅓ − ¾, walilimaliza 22, na wengi wa waliokosa walikwama pale ⅓ ilipokuwa ndogo kuliko ¾. Sasa najua kila swali lilikuwa linauliza nini hasa. La 3 lilikuwa linauliza kukopa kupitia sifuri, na la 24 lilikuwa linauliza nini kinafanyika sehemu ya kwanza inaposhindwa kutoa ya pili.

Jedwali la mada, na udhaifu wake

Orodhesha mada za karatasi ya kwanza na maswali ya kila moja. Yangu ilikuwa hivi:

| Mada | Sehemu A | Sehemu B | Alama |
|---|---|---|---|
| Namba nzima na matendo | 4 | 2 | 10 |
| KDS na KKS | 2 | 1 | 5 |
| Sehemu | 4 | 2 | 10 |
| Desimali na asilimia | 5 | 2 | 11 |
| Faida na hasara | 1 | 1 | 4 |
| Mzingo na eneo | 3 | 1 | 6 |
| Takwimu | 1 | 1 | 4 |

Karatasi ya pili lazima itoe jedwali hilihili. Ila jedwali hili peke yake halitoshi, na walimu wengi tunaishia hapa. Maswali manne ya sehemu yanaweza kuwa manne ya kujumlisha sehemu zenye asili moja, au manne ya kugawanya namba mchanganyiko. Jedwali litaonesha manne na manne, na mtoto ataumia kimyakimya. Kwa hiyo mimi silinganishi mada kwa mada, nalinganisha swali kwa swali. Kila swali la karatasi ya kwanza linapata pacha wake katika karatasi ya pili, kwenye namba ileile: la 3 kwa la 3, la 24 kwa la 24. Mpangilio haubadiliki, kwa sababu swali gumu likiwa la pili badala ya la kumi na nane linamtisha mtoto na kumla muda mapema.

Swali pacha: namba zinabeba ugumu

Kazi yenyewe iko hapa. Kabla ya kutunga pacha, litatue swali la kwanza kwa mkono, kama mtoto anavyolitatua, na uandike kila hatua. Kisha tafuta namba zinazomlazimisha mtoto kupita hatua zilezile, na kuangukia kwenye mashimo yaleyale asipokuwa makini.

Tuanze na la 3. 5002 − 1847 inamtaka mtoto akope kutoka elfu, apite sifuri mbili, afike kwenye mamoja. Ukiandika 5684 − 1847, bado ni kutoa namba zenye tarakimu nne na bado kuna kukopa, lakini sifuri zimeondoka na swali limekuwa rahisi. Pacha wake ni 6003 − 2758. Hapo kuna sifuri mbili katikati na kukopa kunaanzia palepale, na jibu ni 3245 badala ya 3155.

KDS ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu kwa macho namba zote zinafanana. Swali la kwanza lilikuwa KDS ya 12 na 18. Mtoto anayezidisha tu namba mbili anapata 216, anakosa. Ukimpa mwenzake KDS ya 7 na 9, huyo anayezidisha tu anapata 63, na 63 ndilo jibu sahihi. Umempa alama mtoto asiyejua KDS ni nini. Ukimpa 6 na 24, jibu ni 24 yenyewe, anaweza kulibahatisha kwa kuangalia. Unahitaji namba mbili zenye kigawo cha pamoja, ambazo moja haiigawi nyingine.

Hata hapo usisimame. Zigawanye kwa namba tasa, kama tunavyofanya ubaoni, na uhesabu mistari. 12 na 18 zinagawanywa kwa 2, 2, 3, 3, yaani mistari minne, jibu 36. 18 na 24 zinaonekana jirani kabisa, lakini zinagawanywa kwa 2, 2, 2, 3, 3: mistari mitano, na kila mstari ni nafasi moja zaidi ya kukosea. 12 na 20 zinagawanywa kwa 2, 2, 3, 5. Ni mistari minne, jibu 60. Huyo ndiye pacha.

Kwenye sehemu, la 24 lilikuwa 2⅓ − ¾. Ukitoa 3¾ − ½ umeondoa vikwazo viwili kwa mpigo: ¾ inatosha kutoa ½ bila kugusa namba nzima, na asili 4 inagawanyika kwa 2, hivyo hakuna kutafuta KDS. Jaribio langu la kwanza la pacha lilikuwa 3¼ − ⅔. Lilipita kila kigezo, kwa kuwa sehemu ya kwanza ni ndogo kuliko ya pili na asili zake hazigawanyiki. Nilipolitatua nikapata 2 7/12. Jibu la swali la kwanza ni 1 7/12. Mtoto aliyesikia uani kwamba "ile ya namba mchanganyiko jibu lake lina saba juu ya kumi na mbili" angelipata bure. Nikabadili kuwa 3⅕ − ⅔, jibu 2 8/15. Ndiyo maana lazima utatue kila pacha mpaka mwisho, hata kama unaona unajua litakavyokwenda.

Asilimia nazo zina wepesi wa kujificha. 10% na 50% mtoto anazifanya kichwani, 15% na 35% hazifanyiki hivyo. Kama swali la kwanza ni 15% ya 80,000, pacha ni 35% ya 60,000. 50% ya 90,000 haimo katika familia hiyo, ingawa namba yake ni kubwa zaidi.

Vipotoshi

Kwenye maswali ya kuchagua ugumu unakaa pia kwenye majibu yasiyo sahihi. Swali la 11 lilikuwa 0.3 × 0.2, na majibu 0.6, 0.06, 6 na 0.5. Kila kipotoshi kina kosa lake. 0.6 ni ya mtoto aliyehesabu nafasi moja ya desimali badala ya mbili, 6 ni ya aliyesahau nukta, na 0.5 ni ya aliyejumlisha. Kumbuka watoto 25 walikwenda kwenye 0.6. Hilo ndilo lililolifanya swali liwe gumu.

Pacha ni 0.4 × 0.2, na vipotoshi vinafuata makosa yaleyale: 0.8, 8 na 0.6. Ukiweka 0.08 pamoja na 0.42, 42 na 4.2, swali limeanguka. Mtoto anajua nne mara mbili ni nane, anaangalia jibu lenye nane, liko moja tu, amemaliza. Hakuhitaji kujua nukta inakaa wapi. Ukishapata vipotoshi vilivyo sawa, badili tu herufi ya jibu sahihi, ili aliyekariri "la kumi na moja ni B" asifaidike.

Maswali ya maelezo

Swali la 28 lilisomeka hivi: *Mama Rehema alinunua trei 6 za mayai kwa shilingi 9,000 kila trei. Kila trei lina mayai 30. Mayai 12 yalivunjika, na yaliyobaki aliyauza kwa shilingi 400 kila yai. Alipata faida kiasi gani?*

Hatua zake: 6 × 30 ni 180, toa 12 zinabaki 168, zidisha 400 zinakuwa 67,200, gharama ni 54,000, faida ni 13,200. Hatua tano, na mtego mmoja, wale wanaosahau mayai yaliyovunjika.

Hadithi lazima ibadilike, kwa sababu hadithi ndiyo inayokumbukwa uani. Watoto hawakumbuki 168, wanakumbuka mayai ya Mama Rehema. Lakini isibadilike kwenda kitu ambacho mtoto hakijui. Hisa, riba ya benki na tiketi ya ndege ni faida na hasara pia, ila mtoto atakwama kwenye maneno kabla hajafika kwenye hesabu. Nilichagua soda: *Mzee Salum alinunua kreti 6 za soda kwa shilingi 14,000 kila kreti. Kila kreti lina chupa 24. Chupa 8 zilipasuka, na zilizobaki aliziuza kwa shilingi 700 kila chupa. Alipata faida kiasi gani?* Hapa ni 144, kisha 136, kisha 95,200, gharama 84,000, faida 11,200. Sentensi ni nne kwa nne, idadi ya kila kreti imetajwa kama ilivyotajwa ya trei, na kilichopotea kimetajwa mahali palepale. Sikuandika "isipokuwa chupa 8 zilizopasuka" ndani ya swali la mwisho, kwa sababu kuhamisha taarifa kutoka katikati kwenda mwishoni kunamkumbusha mtoto kile ambacho wenzake walisahau.

Mwongozo wa usahihishaji andika sasa hivi, mtoto hajakaa bado. Kwa mayai nilitoa alama moja kwa mapato ya mauzo, moja kwa gharama, moja kwa faida, na aliyesahau mayai yaliyovunjika lakini akaendelea vizuri alipata mbili. Soda inapata mgawanyo huohuo, na huruma hiyohiyo. Mwalimu anayesahihisha karatasi moja tu, ametulia, hakosi kuona kila kasoro. Aliyesahihisha 63 usiku alipitiwa na baadhi. Mwongozo ulioandikwa mapema unapunguza pengo hilo.

Mwalimu mwingine, saa mkononi

Mpe mwalimu mwenzako wa Hisabati karatasi zote mbili bila kumwambia ipi ni ya kwanza. Azitatue kwa njia ndefu, kama mwanafunzi, siku mbili tofauti au moja asubuhi na nyingine mchana, huku akiandika dakika. Muulize maswali mawili tu: ipi imekuchosha zaidi, na wapi?

Mwenzangu alimaliza moja kwa dakika 24 na nyingine kwa 31. "Mwalimu, hii ya pili haina jipya," aliniambia, "ila kuzidisha kwake kunachosha. Kila mahali nakutana na saba na nane." Alikuwa sahihi. Nilijaza karatasi ya pili na kuzidisha kwa 7, 8 na 9, wakati ya kwanza ilikuwa na 4, 5 na 6 nyingi. Hakuna swali moja lililokuwa na kosa, ila mzigo wao kwa pamoja ulikuwa mkubwa. Nilibadili namba kwenye maswali sita, akairudia baada ya siku tatu, ikamchukua dakika 25. Soda niliiacha na mia saba yake, kwa kuwa 136 × 7 ilikuwa imesimama karibu na 168 × 4 kwa idadi ya kubeba, lakini niliiweka kwenye orodha ya maswali ya kutiliwa shaka.

Mwalimu akiwa peke yake shuleni kwa somo hilo, azitatue mwenyewe, ila aanze na karatasi ya pili. Akianza na ya kwanza, mkono unakuwa umeshapasha moto na ya pili itaonekana nyepesi.

Kulijaribu swali pacha darasani bila kulivujisha

Bodi za mitihani zenye matoleo mawili ya karatasi husawazisha alama baadaye kwa hesabu, kwa sababu maelfu ya watahiniwa wamefanya kila toleo. Wewe una mtoto mmoja. Alama 30 za mtoto mmoja haziwezi kukuambia kama karatasi ilikuwa ngumu au yeye hakujiandaa. Lakini una watoto 63 ambao tayari unajua walifanyaje.

Chagua maswali matano ya pacha ambayo una shaka nayo. Asubuhi ileile mtoto anapofanya mtihani wake chumba kingine, wape darasa maswali hayo kama zoezi la dakika ishirini, kimya kimya, mwisho wakusanye karatasi. Kwa kuwa yeye yuko ndani ya chumba cha mtihani wakati huohuo, hakuna cha kuvuja. Kisha hesabu wangapi wamepata na ulinganishe na vijistari vyako vya mwanzo.

Usomaji wa namba hizo una ujanja wake. Watoto hawa wameshafanya swali linalofanana, na bila shaka wamejadiliana njiani. Kwa hiyo kwenye pacha wanatarajiwa kufanya vizuri kidogo zaidi. Wakipanda kwa watoto watatu au wanne, hilo halioneshi kwamba pacha ni rahisi. Lakini wakishuka, pamoja na faida hiyo waliyonayo, basi pacha ni ngumu kweli. Mimi naweka mpaka kabla sijahesabu: tofauti ikizidi watoto 10 kati ya 63, kwenda upande wowote, swali hilo lina tatizo. Mpaka uandikwe mapema, maana ukishaona alama za mtoto utashawishika kuusogeza.

Kwangu maswali manne yalikaa ndani ya mpaka. Soda walimaliza 25, mayai walikuwa wamemaliza 27. La 29 ndilo lililoanguka. La kwanza lilikuwa: mzingo wa mstatili ni sm 36, urefu sm 11, tafuta eneo. Upana unakuwa 7, eneo 77. Walilipata 34. Pacha niliandika mzingo sm 50, urefu sm 14. Upana unakuwa 11, eneo 154. Walilipata 21. Nilipoangalia karatasi zao, njia ilikuwa sahihi kwa wengi. Walikosea 14 × 11, ambayo ni kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili, wakati 11 × 7 wanaijua kichwani. Nilikagua hatua za jometri nikasahau kuzidisha kwa mwisho. Mzingo wa sm 38 na urefu wa sm 11 ungetosha, upana 8, eneo 88.

Swali likianguka namna hii na mtoto ameshalifanya, usimwite kesho ulirudie peke yake. Atakuwa ameshapumzika na amejua mada inayokuja. Liondoe kwenye hesabu yake, chukua alama zake katika 47 zilizobaki, uzirudishe kwenye 50. Mtoto wangu alikuwa na 33 kati ya 47, ambazo ni 35 kati ya 50. Lingebaki angepata 34, kwa kuwa alikuwa na alama moja ya njia. Alama moja ni ndogo, ila nilijua ilikotoka. Njia hii ina mpaka wake pia. Kwa swali moja inafaa, kwa mawili naivumilia. Yakiwa matatu, karatasi haina tena mada zilezile, na ni bora mtoto apewe karatasi nyingine siku nyingine.

Siku ya kukaa

Mpe mtoto siku mbili au tatu baada ya kurudi, si asubuhi anayoingia getini. Mtihani uanze saa ileile wenzake walipoanza. Wao walianza saa mbili asubuhi, naye asianze saa nane mchana baada ya vipindi vyote. Ofisi ya walimu yenye watu wanaoingia na kutoka si mahali pa mtihani. Stoo ya vitabu yenye dirisha inafaa zaidi. Rula, karatasi ya kufanyia hesabu na nafasi ya kuandika njia viwe kama vya darasa.

Kuna wenzetu wanaoongeza ugumu kwa makusudi, wakisema mtoto amepata siku nyingi zaidi za kusoma. Na wapo wanaopunguza kwa huruma, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Vyote viwili vinaingiza kwenye alama kitu ambacho si Hisabati, na mwisho wa mwaka ukisoma 35 kwenye kitabu cha alama hutajua imetoka wapi. Kama amekosa vipindi vya mada fulani na unaona si haki kumtahini, ahirisha tarehe, mfundishe, kisha mpe karatasi ileile pacha.

Kutunga mbili kwa pamoja

Sasa sisubiri mtoto augue. Ninapotunga mtihani wa muhula, kila swali naliandika pamoja na pacha wake kwenye mstari mmoja wa daftari, wakati hatua bado ziko kichwani. Nikimaliza maswali yote 30, narusha sarafu kwa kila jozi. Kichwa kikitokea, la kushoto linaingia kwenye karatasi ya darasa. Kisipotokea, la kulia. Sarafu inaondoa tabia yangu ya kuchagua swali zuri zaidi kwa ajili ya darasa na kuliacha lile lililobaki kwa mtoto mmoja. Jozi zinazopita muhula bila kutumika zinabaki daftarini, pembeni nimeandika idadi ya watoto waliolipata la kwanza, na jozi ya mstatili nimeikata kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake: 38 na 11.